Niliwahi kwa dakika moja, safari hii nataka nafasi ya kupumua

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Mwaka jana nilikimbia marathoni yangu ya kwanza. Tulianza saa 12 kamili asubuhi, na tangazo lilisema atakayepita saa 6 kamili mchana hahesabiwi.

Nusu ya njia niliifikia saa 2:40, nikiwa mzima na mizaha tele. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Nikirudi kutoka upande wa Pongwe nilisimama kila meza ya maji kama dakika mbili nipate pumzi, meza nane zote. Katikati nikaomba choo nyumba ya watu, dakika sita. Maji nilikunywa vikombe viwili kila meza tangu mwanzo, maana tuliambiwa tusingoje kiu.

Kufika Raskazone, vijana wa kujitolea walishaanza kukunja mahema. Mmoja akapiga kelele, "Yuko mmoja bado!" Wakaacha kila kitu, wakajipanga pande mbili, ndoo zikawa ngoma, vigelegele juu. Nami nikatoka mbio kama msichana. Saa ya mlango wa kumalizia ilisoma 5:59. Nikakaa chini palepale, kizunguzungu, nikatapika. Wakanipa chupa ya nusu lita ya maji, nikaimaliza. Tulipopita duka la dawa mizani ikasoma kilo 72, na Jumamosi jioni, kabla ya mbio, nilikuwa 70. Usiku kichwa kiliniuma na pete haikutoka kidoleni.

Mume wangu anasema sikunywa maji ya kutosha. Je, ni kweli? Kijana mmoja alitaka kunishika mkono hatua za mwisho nikamkatalia, ingekuwa kosa? Na mwaka huu nifanyeje nisije tena kufika ukingoni?

Mwisho wa Mstari, Chumbageni

*

Waalaikum salaam, Bi. Mwisho wa Mstari.

Umetuandikia namba, na namba zako zinasema mengi kuliko unavyodhani. Tuzifuate tangu mwanzo.

Bahati ya mbio zinazoanza saa 12 kamili ni kwamba saa yetu ya Kiswahili inakuwa ndiyo saa ya mbio. Ikisoma 2:40, umekimbia saa mbili na dakika arobaini. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa, hata kichwa kikiwa kimechoka. Sasa, kilomita 42.195 kwa saa sita ni dakika 8 na sekunde 32 kwa kila kilomita. Huo ndio mstari mwekundu. Nusu ya kwanza uliikata kwa dakika 160, yaani kama dakika 7 na sekunde 35 kwa kilomita. Nusu ya pili ikakula dakika 199. Tofauti ni dakika 39, na ukimwuliza yeyote aliyekuwa barabarani atakwambia miguu iliisha.

Haikuisha. Meza nane kwa dakika mbilimbili ni dakika 16. Choo dakika sita. Hizo ni 22 ambazo mguu haukusogea hata hatua moja. Ziondoe kwenye zile 199, zinabaki 177, na 177 kwa kilomita 21.1 ni kama dakika 8 na sekunde 23 kwa kilomita. Maana yake, hata ulipokuwa unajikokota kutoka Pongwe na jua la utosini, kila ulipokuwa kwenye mwendo ulikuwa bado ndani ya muda. Tanzania tukitaja aliyefika mwisho tunamkumbuka John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, wa 57 kati ya 57 waliomaliza, goti limefungwa bendeji. Yeye alikwamishwa na jeraha. Wewe umekwamishwa na kusimama.

Ila ulisimama kwa sababu, na sababu iko kwenye ile nusu ya kwanza uliyoifurahia. Mwenye uwezo wa kumaliza kwa saa sita akienda kwa 7:35 asubuhi ya baridi anakula akiba ya sukari iliyo kwenye misuli mapema mno, na joto la mwili linaanza kupanda kabla jua halijapanda. Kwa Tanga, kuanzia kama saa 3 asubuhi unyevu wa hewa na jua vinashirikiana: jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Basi pumzi unayoitafuta mezani ni deni la saa moja unusu iliyopita.

Kwa hiyo mwaka huu usijitahidi kuongeza kasi. Punguza mwanzo, na pumziko ulichukue ukiwa unatembea. Kimbia dakika nne, tembea moja, tangu dakika ya tano ya mbio, wakati bado unajiona huhitaji kutembea na wenzako wanakupita wakikucheka. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo wa 7:30 kwa kilomita, na kutembea kuwe kwa hatua za mtu anayewahi daladala inayoondoka, kama dakika 11 kwa kilomita. Vikichanganywa, mzunguko wa dakika tano unakupa takriban mita 620, na wastani wako unakuwa dakika 8 kwa kilomita. Marathoni nzima inakuwa saa 5 na dakika 38. Umeshajiwekea dakika 22, zilezile ulizopoteza mwaka jana kwa kusimama.

Namba za kubeba kichwani zinakuwa rahisi mno, kwa sababu dakika nane hugawanyika vizuri. Kilomita 10 uwe hapo saa 1:20. Nusu ya njia saa 2:49, yaani umechelewa dakika tisa kuliko mwaka jana, na hapo ndipo moyo utakapokudanganya kwamba umeharibu, usiusikilize. Kilomita 30 saa 4 kamili. Kilomita 35 saa 4:40. Kilomita 40 saa 5:20. Mpaka mwekundu, ule ambao ukiuvuka huwezi tena kuwahi kwa mwendo uleule, uko saa 4:16 kwenye kilomita 30 na saa 5:41 kwenye kilomita 40. Andika hizo mbili mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika kwa jasho. Ukiziona bado ziko mbele yako, hakuna sababu ya kuchachamaa.

Na uzisome kwenye saa ya kawaida. Usiisome ile uliyoiwasha wewe ulipovuka mstari wa kuanzia. Walio nyuma ya umati huvuka mstari dakika moja au mbili baada ya mlio, na waandaaji wengi huhesabu ukomo kutoka kwenye mlio. Hili uliulize siku ya kuchukua namba ya kifuani, pamoja na swali la pili: je, kuna ukomo wa katikati ya njia? Mbio nyingine huondoa watu kilomita 30 kwa sababu barabara lazima ifunguliwe, na gari la mwisho likikupita meza za maji nazo hufungwa nyuma yake.

Mezani ufike ndani ya dakika yako ya kutembea, au uihamishe ili ikutane na meza. Usichukue kikombe cha kwanza. Mwanzo wa safu ya meza una msongamano. Nenda mwisho wa safu, mnyooshee mkono kijana mmoja uliyemtazama machoni, finya mdomo wa kikombe, kunywa huku unatembea, endelea. Hakuna kusimama, hata mara moja, isipokuwa choo. Choo chenyewe kimalize nyumbani: kahawa au chai yako inywe saa 9:30 usiku, si saa 11.

Sasa maji, na hapa mume wako tumpe heshima yake lakini tusimfuate.

Meza zikiwa kila kilomita 2 na nusu, ulipita meza 16. Vikombe viwili kila meza, kikombe cha kawaida kikiwa na kama mililita 200, ni lita 6.4. Ni zaidi ya lita moja kila saa, kwa mwanamke wa kilo 70 anayekwenda taratibu. Mwili wako haukuwa unatoa jasho kiasi hicho. Ushahidi ni mizani: aliyemaliza marathoni kwenye joto anatakiwa awe amepungua kilo moja au mbili. Wewe umeongezeka mbili, na hata tukitoa ile chupa ya mwisho ya nusu lita bado umeongezeka moja na nusu. Mtu haongezi mnofu kwa saa sita. Hayo ni maji.

Maji yakizidi, chumvi ya damu huzimuliwa kama mchuzi uliomwagiwa maji. Madaktari hupima sodiamu. Ya kawaida ni 135 hadi 145, na ikishuka chini ya hapo seli huanza kuvuta maji na kuvimba. Vidole vikivimba peke yake si jambo, maana mikono inayoning'inia saa nyingi huvimba kwa wakimbiaji wengi. Lakini vidole, pamoja na kutapika, pamoja na kichwa, pamoja na uzito ulioongezeka, hiyo ni picha moja. Seli za ubongo ndizo zisizo na nafasi ya kuvimbia, na ndiyo maana hali hii ikizidi huleta kuchanganyikiwa na degedege. Wanaoipata zaidi ni watu wa nyuma, kwa sababu wana muda mrefu wa kunywa na mwendo unaowaruhusu kunywa. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Kilichowaunganisha kuliko vyote ni kuongezeka uzito, na kukaa barabarani zaidi ya saa nne kulihusika pia.

Hatuwezi kusema kwa barua kwamba ndiyo uliyoipata, hilo lilihitaji kipimo cha damu siku ile. Ila tunaweza kusema kwamba ile chupa waliyokupa mlangoni kwa nia njema ilikuwa kitu cha mwisho ulichohitaji.

Kipimo chako ukitafute mwenyewe mwezi mmoja kabla. Chagua asubuhi yenye joto kama la mbio. Jipime bila nguo, kimbia saa moja kwa ule mpango wa nne na moja, ukinywa kikombe kimoja tu cha mililita 200. Rudi, jifute jasho, jipime tena. Tuseme ulikuwa 70.0, sasa ni 69.4. Umepungua gramu 600, ongeza 200 ulizokunywa: jasho lako ni kama mililita 800 kwa saa. Siku ya mbio unywe chini ya hapo, usifike. Kikombe kimoja kwa kila meza, kwa mwendo wako, ni vikombe vitatu kwa saa, mililita 600. Hicho ndicho kikomo cha juu. Kama huna kiu, kunywa nusu au pita; maji mengine mwagia kichwani na shingoni, huko hayana kikomo. Mdomo kukauka kidogo kilomita ya 35 si ugonjwa.

Watu watakwambia basi kula chumvi. Chumvi haimwokoi anayekunywa kupita kiasi, kwa sababu kinachozidi ni maji. Na madafu, tunayoyapenda Tanga, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Yanywe kwa raha yako jioni, yasiwe dawa ya mlangoni. Nguvu itafute kwenye kula: tende tano au sita kila saa, zitafunwe mojamoja kwenye dakika za kutembea, kuanzia saa 12:40, kabla njaa haijabisha hodi. Na vidonge vya diklofenaki ambavyo wengine humeza kabla ya kuanza, uviache. Kwa mwili ulio kwenye joto saa sita ni mzigo kwa figo, na vinaweza kuzuia maji yasitoke.

Tuje mlangoni, kwa wale vijana na ndoo zao.

Ulichokifanya ulipowasikia kinaeleweka, na kilikuangusha. Mita za mwisho ulikimbia kwa kasi ambayo hukuwa nayo tangu asubuhi, halafu ukasimama ghafla na kukaa. Wakati wa kukimbia, misuli ya miguu huisukuma damu kurudi juu kila hatua, na mishipa ya miguuni iko wazi kabisa kwa ajili ya joto. Ukisimama ghafla, msukumo unakatika na mishipa bado iko wazi. Damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Ndiyo kile kizunguzungu. Hakina uhusiano na kukosa maji, na wengi huanguka baada ya mstari badala ya kabla yake kwa sababu hiyohiyo. Ukivuka, endelea kutembea dakika tano mpaka kumi. Ukiona giza, lala chali, mtu akuinulie miguu juu ya kiti. Kukaa wima kwenye kiti cha plastiki huku umezungukwa na watu wanaokupongeza ndiyo namna mbaya kuliko zote.

Kumkatalia yule kijana ulifanya vyema. Kushangilia, kupiga ngoma, kukupa maji mezani, hayo yote ni ruhusa. Kukushika na kukusogeza mbele si ruhusa. Mwaka 1908, kwenye marathoni ya Olimpiki ya London, Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza, akaanguka mara kadhaa, wasimamizi wakamwinua na kumsaidia kuvuka mstari. Akaondolewa, na dhahabu akapewa Mmarekani Johnny Hayes. Mbio za mitaani haziendi kwa ukali huo kila mara, lakini kama kuna mwenye kulalamika, kanuni iko upande wake. Wala mtu asiye na namba asikimbie ubavuni mwako kilomita tano akikuongoza. Akusindikize kwa sauti kutoka pembeni.

Na hao vijana wa njiani uwatumie vizuri. Usiwaulize "Bado mbali?" Jibu la swali hilo Tanga nzima ni moja, "Umefika mama, ni hapo tu!" na hapo tu huweza kuwa kilomita nne. Uliza vitu viwili ambavyo mtu anaweza kuvijibu kwa ukweli: hii ni meza ya ngapi, na gari la mwisho limeonekana? Meza ya 12 ni kilomita 30. Hapo utaangalia mkono wako na kujua msimamo.

Mtume ndugu yako mmoja awe mlangoni kuanzia saa 5, mwenye kazi moja tu: kukutembeza. Awe na supu yenye chumvi kwenye chupa ya chai, na awe na ujasiri wa kuwaambia wanaoleta maji, "Subirini kwanza." Ukipata kichwa kikali, ukitapika zaidi ya mara moja, au ukianza kujibu maswali mengine kuliko uliyoulizwa, akupeleke kituo cha huduma ya kwanza na aseme wazi kwamba ulikuwa unakunywa maji mengi, ili upimwe sodiamu kabla ya mtu kuharakisha dripu. Mwili ukiwa wa moto kama sufuria na akili imeyumba, hilo ni jingine, joto limezidi: hapo ni maji ya baridi mwili mzima papo hapo, kabla hata ya gari kufika.

Jambo moja zaidi, la sekunde kumi. Jumamosi jioni pita tena duka la dawa, jipime, na namba hiyo uiandike nyuma ya karatasi ya namba yako ya kifuani, pamoja na simu ya mume wako. Daktari wa kituo cha huduma ya kwanza akiigeuza karatasi na kukuweka kwenye mizani, atajua mara moja akupe kikombe cha maji au akunyime.